Nimesilimu. Jina kwenye paspore nianzie wapi kulibadilisha? (Lubumbashi)

Kalenga_Kampemba
Salamu wote. Nimesilimu mwaka jana hapa Lubumbashi, na msikitini wameniandikia cheti. Kwa karte yangu ya uchaguzi naitwa, tuseme, Ilunga Kalenga Prosper (si jina langu hasa, ila limepangwa hivyohivyo). Sasa kila mtu ananiita Yusufu. Nataka Prosper atoke, Yusufu aingie, Ilunga na Kalenga vibaki kama vilivyo. Nilienda na cheti cha msikiti buro ya etasivili ya komini, yule mama akakisoma mpaka mwisho, akakikunja, akanirudishia. "Hii ni ya Mungu, baba. Mimi niletee ya juge." Nianzie wapi? Paspore naitaka kabla ya safari ya mwakani.

Fundi_wa_Kenya
Ya juge 😂 Huyo mama apewe cheo.

Mwanasheria_mdogo
Komini wamekukosea. Katiba ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini. Jina la dini ni sehemu ya dini. Rudi na katiba mkononi, wabadilishe palepale. Tribinali ni kupoteza pesa.

Grefye_mstaafu
Mwanangu Mwanasheria, kifungu cha 22 nakijua, ila ukienda nacho komini utarudi nacho. Uhuru wa kuabudu ni kitu kimoja, kugusa kitabu cha etasivili ni kitu kingine. Kodi ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, kifungu cha 64, inasema hairuhusiwi kubadilisha jina, lote au sehemu yake, wala namna linavyoandikwa, wala mpangilio wa sehemu zake. Baadaye inafungua dirisha dogo: tribinali ya amani ya mahali unapokaa inaweza kuruhusu kwa sababu ya haki. Afisa wa komini hana kalamu ya kubadilisha jina mpaka aone hukumu. Yule mama alisema kweli.

Kalenga, kabla sijasema zaidi: ulizaliwa mwaka gani, na wapi?

Kalenga_Kampemba
Likasi, 1988. Kwa nini?

Grefye_mstaafu
Kwa sababu ya 1988. Akti yako ya kuzaliwa umewahi kuiona kwa macho yako? Si atestasioni ya karatasi moja, ni akti yenyewe ndani ya kitabu.

Tshala_Katuba
Jamani nisaidieni na mimi. Niliolewa mwaka jana, bwana anataka nichukue jina lake kwenye karte. Na mimi niende tribinali?

Mama_Furaha
Tshala, uzi huu ni wa dini. Lakini nikujibu haraka: ndoa haibadilishi jina la mwanamke Kongo. Unaweza kutumia jina la mume, lako linabaki. Bwana asikusumbue.

Tshala_Katuba
Asante mama. Nitamwonyesha 😅

Ustadhi_Ruashi
Assalamu alaikum. Ndugu Kalenga, karibu. Neno moja tu la dini ili usije ukajibebesha mzigo ambao hukupewa. Kubadilisha jina si sharti la Uislamu. Jina likiwa na maana mbaya, au lina utumwa kwa asiyekuwa Mungu, hapo ndipo linabadilishwa. Prosper maana yake ni kustawi, hana kosa. Na jina la baba usiliguse kabisa, Kurani 33:5 inasema waiteni kwa baba zao. Kwa hiyo Ilunga na Kalenga umefanya vizuri kuviacha.

Fundi_wa_Kenya
Ustadhi, kwa hiyo angebaki Prosper na kila kitu kingekuwa sawa? Na kwenda Makka?

Mwana_wa_Kasongo
Makka huendi na jina la Prosper. Visa wanakataa. Mjomba wangu ilibidi abadilishe.

Ustadhi_Ruashi
Si hivyo, Mwana wa Kasongo. Mwenye jina lisilo la Kiislamu anaombwa cheti cha kusilimu kilichothibitishwa. Jina la paspore linaweza kubaki. Wasafiri wa namna hiyo wapo wengi. Mjomba wako pengine aliambiwa na mtu wa ajansi.

Mwana_wa_Kasongo
Labda. Ila alibadilisha.

Kalenga_Kampemba
Nimesikia, Ustadhi. Lakini watoto wangu wananiita baba Yusufu, mtaa unaniita Yusufu, na benki inaniita Prosper kwa sauti kubwa mbele ya watu. Naendelea. Grefye, swali lako limenisumbua usiku. Jumamosi napanda Likasi.

Mwanasheria_mdogo
Narekebisha kidogo niliyosema. Nimesoma kifungu cha 64, Grefye ana haki kuhusu tribinali. Lakini kuna tatizo kubwa zaidi ambalo hakusema: kifungu cha 58. Majina lazima yachotwe kwenye urithi wa utamaduni wa Kongo. Yusufu ni Kiarabu. Juge anaweza kukataa moja kwa moja.

Mwana_wa_Kasongo
Hapo sasa umeingia kwangu 😄 Kijana, njoo Kasongo, njoo Kindu. Babu yangu ni Ramazani, baba yake alikuwa Asumani, na kabla yake Salumu. Nusu ya darasa langu Maniema walikuwa Shabani na Juma. Hayo si urithi wa Kongo? Wabelgiji walituandika hivyo kwenye vitabu vyao, Mobutu akatukuta hivyo, hakuna aliyetupeleka kwa juge.

Mwanasheria_mdogo
Maniema ni Maniema. Kalenga ni Muluba wa Likasi. Urithi wake ni mwingine.

Mwana_wa_Kasongo
Sheria imesema "wa Kongo" au "wa kabila lako"?

Mama_Furaha
😂😂 Hapo kijana amekaa.

Mukubwa_wa_Likasi
Kuna njia ya tatu. Kifungu cha 58 kinaangalia jina na postinomu, yaani jina la pili la asili kama Kalenga. Prenomu iko huru, ndiyo maana tuna akina Prosper, Christian, Gloria, Trésor kila nyumba na hakuna anayekamatwa. Yusufu akiombwa kama prenomu, hakuna ugomvi.

Mwanasheria_mdogo
Ni desturi tu hiyo. Kwenye maandishi neno ni "majina".

Grefye_mstaafu
Mnabishana juu ya jambo ambalo mimi nimeona majuge wakibishana. Nimeona hukumu iliyopitisha jina la Kiarabu kwa hoja ya Maniema, mistari miwili tu. Nimeona juge mwingine akiomba imamu aje asimame na kueleza jina lina maana gani. Kifungu cha 64 hakitaji dini kuwa sababu ya haki, wala hakiikatai. Kimemwachia juge. Kwa hiyo unamletea vya kumshawishi: cheti cha msikiti au cha COMICO, jumuiya ya Waislamu wa Kongo, mashahidi wawili wanaokuita hivyo kila siku, na maneno wazi kwamba hukimbii deni wala kesi. Hilo la mwisho ndilo juge anaogopa zaidi. Dini yako haimsumbui.

Fundi_wa_Kenya
Kwani kuna njia fupi. Unaenda kuchukua hukumu ya supletifu ya kuzaliwa, unasema hukuandikwa utotoni, unajitangaza Ilunga Kalenga Yusufu. Kwisha. Jirani yangu alifanya hivyo, wiki mbili tu.

Grefye_mstaafu
Fundi, nakuomba usimpoteze mtu. Supletifu ni ya asiyeandikwa kabisa, aliyepita siku 90 za kutangaza mtoto. Kalenga aliandikwa. Akichukua supletifu anakuwa na kuzaliwa kuwili, kumoja Likasi na kumoja Lubumbashi. Siku mtu akifungua vitabu viwili pamoja, hilo linaitwa kughushi, na jirani yako atalijibu yeye mwenyewe.

Fundi_wa_Kenya
Jirani anaendelea vizuri tu... lakini sawa, nimeelewa.

Kalenga_Kampemba
Nimerudi kutoka Likasi. Kaeni chini.

Kitabu kilikuwepo. Kwanza waliniambia hakipo, baadaye kijana mmoja akapanda kwenye ngazi akakitoa chini ya vingine, kikubwa kama mlango wa kabati, jalada limeliwa na mende pembeni. Akti yangu imo. Jina: Ilunga Kalenga. Mwisho. Prosper hayupo. Pembeni kwenye ukurasa kuna nafasi nyeupe, pana kama vidole viwili, na haina kitu.

Nimempigia mama simu. Amecheka. Amesema Prosper alitoka kwa padri, nikiwa na miaka mitatu, na shule wakalichukua kutoka kwa cheti cha ubatizo.

Mama_Furaha
Eeh!

Grefye_mstaafu
Ndicho nilichotaka uone. Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Sese Seko. Kardinali Malula alipinga, akaishia Roma kwa muda. Postinomu zilianzia hapo. Majina ya ubatizo yalirudi hadharani baada ya hotuba ya 24 Aprili 1990. Wewe wa 1988 umezaliwa ndani ya marufuku. Vitabu vya miaka ile vimejaa watu wa namna yako: kanisani Prosper, serikalini hana prenomu.

Mukubwa_wa_Likasi
Baba yangu hivyohivyo. Akti ina jina moja, diplome ina lingine, barua ya kazi Gécamines ina la tatu. Pensheni ilituchosha.

Mwanasheria_mdogo
Basi ni rahisi! Kisheria Prosper hakuwahi kuwepo. Hana cha kubadilisha. Achukue kopi ya akti, aende paspore kama Ilunga Kalenga, mtaani ajiite Yusufu. Tribinali ya nini?

Mama_Furaha
Na diplome yenye Prosper? Na benki? Watamwuliza Prosper ni nani.

Mwana_wa_Kasongo
Mimi naona kinyume. Kwa kuwa hana prenomu, kuiongeza Yusufu si kubadilisha jina. Ni kukamilisha. Komini wanaweza kufanya.

Grefye_mstaafu
Hapana, Mwana wa Kasongo. Kuongeza ni kurekebisha, na kurekebisha pia kumo kwenye 64. Hakuna afisa atakayeandika Yusufu kwenye ile nafasi ya vidole viwili bila hukumu.

Lakini tazameni hatari iliyokuwa inamsubiri. Angeandika maombi kama alivyoandika kwenye posti ya kwanza: "Prosper atoke, Yusufu aingie." Juge angesoma karte, angeona Prosper, angekubali. Hukumu ingetoka: jina Prosper libadilishwe kuwa Yusufu. Hukumu hiyo ingepelekwa Likasi, na afisa wa Likasi angefungua kitabu atafute Prosper wa kufuta. Hayupo. Angeirudisha. Nimeona hukumu za namna hiyo zikilala kwenye droo miaka.

Kwa hiyo rekete yake iombe mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, jina Ilunga Kalenga, kama lilivyoandikwa kwenye akti ya Likasi namba fulani ya mwaka fulani, lirekebishwe kwa kuongezewa Yusufu. Pili, juge atamke kwamba Ilunga Kalenga, Ilunga Kalenga Prosper na Ilunga Kalenga Yusufu ni mtu mmoja. Hili la pili ndilo litakalomwokoa benki na kwenye diplome. Watu wengi wanalisahau.

Mwanasheria_mdogo
La pili nina shaka nalo. Juge ameombwa jina, si utambulisho. Anaweza kusema halimo kwenye 64.

Grefye_mstaafu
Anaweza. Wengine wanaliandika kwenye maelezo ya hukumu, hawaliweki kwenye uamuzi wenyewe. Hata hivyo linasaidia. Mwambie avoka aliombe.

Kalenga_Kampemba
Lazima avoka?

Grefye_mstaafu
Si lazima. Wengi wanaandika wenyewe na kuweka grefe, ofisi ya karani wa tribinali. Lakini kwa kesi yako yenye majina matatu, mtu anayejua kuandika atakupunguzia safari. Ambatisha kopi ya akti uliyoona Likasi, karte, cheti cha kusilimu na diplome. Tribinali ni ya huku unakokaa. Kuzaliwa Likasi hakubadilishi hilo.

Mama_Furaha
Na mimi niongeze la kwangu, upande mwingine wa mlango. Mimi nilitoka Uislamu nikaingia kanisani, jina langu la zamani silitaji hapa. Hukumu niliipata vizuri. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona: kwenye rekete niliandika jina langu jipya na "h" mwishoni, kwenye hukumu hawakuiweka. Herufi moja. Nikasema haidhuru. Kwenye paspore walinigomea, kwa sababu ubatizo nilioambatisha una "h". Nikarudi tribinali kuomba hukumu ya kurekebisha kosa la maandishi, nikasubiri tena. Kalenga, siku ukipewa karatasi usiondoke grefe. Simama hapo mlangoni, soma jina herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa pia.

Tshala_Katuba
Mama Furaha ndugu zako walikubali?

Mama_Furaha
Huo uzi mwingine, binti yangu.

Kalenga_Kampemba
Hukumu ikitoka naikimbiza paspore siku hiyohiyo?

Grefye_mstaafu
Hapana. Inapaswa kwanza iwe ya mwisho. Rufaa ina siku 30. Zikipita unaomba cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa. Baada ya hapo sheria inamtaka grefye, ndani ya miezi miwili, atume uamuzi Likasi uandikwe pembeni ya akti, na utangazwe kwenye Gazeti Rasmi. Nimekuwa grefye, nakwambia kwa heshima: usingojee grefye. Chukua kopi iliyothibitishwa, ipeleke Likasi mwenyewe, kilomita kama 120, simama wakiandika, kisha omba kopi mpya ya akti yenye yale maandishi ya pembeni. Hiyo kopi mpya ndiyo ufunguo. Ukienda kubadilisha karatasi nyingine na hukumu peke yake, siku moja mtu ataomba atestasioni ya kuzaliwa Likasi, itatoka na jina la zamani, na nyumba yote itabomoka kutoka chini.

Mukubwa_wa_Likasi
Kweli kabisa. Kaka yangu alibadilisha paspore kwanza. Iliisha muda, alipoomba mpya wakamwambia alete akti. Akti ya zamani. Alianza upya.

Fundi_wa_Kenya
Na karte ya uchaguzi? Hiyo ndiyo wanakuomba kila mahali, hata kwa simkadi.

Mwana_wa_Kasongo
Hiyo mpaka CENI, tume ya uchaguzi, waandikishe tena. Mara ya mwisho hapa kwetu ilikuwa 2023. Kati ya hapo hakuna dirisha.

Mukubwa_wa_Likasi
Kuna waliopata duplikata.

Mwana_wa_Kasongo
Duplikata ni nakala ya jina lilelile. Haibadilishi jina.

Grefye_mstaafu
Ndiyo. Kwa hiyo atatembea muda na karte ya Prosper na kopi ya hukumu imekunjwa ndani yake. Ndiyo maana niling'ang'ania yale maneno "ni mtu mmoja". Karte isiyobadilika na diplome isiyobadilika, zote zinahitaji hiyo karatasi pembeni.

Mama_Furaha
Diplome yangu ya serikali hawakuiandika upya. Walisema mtihani uliufanya kwa jina lile, basi liko lile. Naiweka na hukumu kwenye plastiki moja. Niliyoyabadilisha baada ya akti: akti ya ndoa kwanza, paspore, halafu CNSS ya pensheni kupitia kazini, mwisho benki. Benki walitaka paspore, kwa hiyo usianze nao.

Kalenga_Kampemba
Na watoto wangu? Wawili wanabeba Kalenga tu, hawabebi Prosper. Mkubwa anataka kuitwa Ibrahimu.

Ustadhi_Ruashi
Ana miaka mingapi?

Kalenga_Kampemba
Kumi na moja.

Grefye_mstaafu
Akti za watoto zina jina la baba. Ukipata kopi yako mpya utauliza kama zinahitaji kuandikwa pembeni pia. Ibrahimu ni kesi nyingine na nyumba nyingine: utambulisho wa mtoto uko mikononi mwa tribinali ya watoto, sheria ya 2009. Usiyachanganye kwenye rekete moja.

Mwanasheria_mdogo
Na mama yake mtoto akubali.

Kalenga_Kampemba
Mama yake bado ni Mkatoliki 😅

Fundi_wa_Kenya
Hapo ndipo tribinali yenyewe.

Kalenga_Kampemba
*(baada ya miezi minne)*
Ninarudi na habari. Hukumu imetoka. Juge aliuliza maswali mawili: kama nina deni, na kama mke wangu anajua. Yusufu amepita, hakugusa habari ya urithi wa utamaduni hata kidogo. "Mtu mmoja" ameiweka kwenye maelezo, si kwenye uamuzi, kama Grefye alivyosema. Nilisoma herufi kwa herufi mlangoni, Mama Furaha. Walikuwa wameandika nilizaliwa 1998. Wakarekebisha palepale kabla ya muhuri.

Juzi nimetoka Likasi. Yule kijana wa ngazi aliandika kwa bic ya bluu, polepole, kwenye ile nafasi ya vidole viwili. Haikutosha, mstari wa mwisho umepinda ukashuka chini ya ukurasa. Nina kopi mpya. Wiki ijayo ni paspore.

Mwanasheria_mdogo
Hongera. Lakini juge angepaswa kusema kitu kuhusu 58. Mwingine akikata rufaa...

Mwana_wa_Kasongo
Siku 30 zimepita, kijana. Lala.

Mama_Furaha
Hongera Yusufu. Benki wameshakuita?

Kalenga_Kampemba
Bado Prosper. Kwa sauti kubwa.